Tangi nyuzi 60, bomba la chumbani nyuzi 39: uchambuzi wa kisa cha Lejionela hotelini

Mgeni wa miaka 66, mvuta sigara na mwenye kisukari, alilala siku nne katika chumba cha mwisho kabisa cha ghorofa ya tatu, upande wa mashariki wa hoteli yenye vyumba 60. Siku ya tano baada ya kurudi nyumbani alipandwa na homa, akawa anakohoa bila kutoa makohozi mengi na kuharisha, na jioni ya siku iliyofuata akaanza kuchanganya majina ya watoto wake. Hospitalini walikuta nimonia, wakamwanzishia amoksilini. Siku tatu zikapita, homa ikawa palepale. Ndipo daktari alipomuuliza alilala wapi katika wiki mbili zilizopita, akaagiza kipimo cha mkojo, na jibu likarudi: Lejionela, bakteria wa majini anayeleta nimonia. Mkewe, mwenye miaka 58 na afya njema, alilala chumba hichohicho na kuoga kwa shawa hiyohiyo. Hakupata hata mafua.

Kisa hiki ni cha mfano. Hoteli haina jina na vipimo vimepangwa kwa ajili ya uchambuzi, lakini kila hitilafu iliyomo ni ya aina inayokutwa mara kwa mara kwenye majengo yenye maji moto ya kati. Tumekichagua kwa sababu moja: daftari la fundi wa hoteli lilionyesha kila asubuhi kwamba tangi la maji moto lilikuwa na nyuzijoto 60 za Selsiasi, na daftari halikudanganya. Tangi lilikuwa sawa. Maji yaliyomfikia mgeni hayakuwa sawa, na kati ya hayo mawili ndipo tatizo lilipojificha.

## Bakteria huyu anataka nini

Ugonjwa huu ulipata jina mwaka 1976, pale wajumbe wa mkutano wa American Legion, chama cha wanajeshi wastaafu wa Marekani, walipougua baada ya kukusanyika katika hoteli moja mjini Filadelfia. Zaidi ya watu 180 waliugua na zaidi ya 25 wakafariki. Bakteria wenyewe walitambuliwa Januari 1977. Si wageni duniani: wanaishi kwa kiasi kidogo katika mito, maziwa na udongo wenye unyevu, na kutoka huko huingia kwenye mifumo ya maji wakiwa wachache mno kumdhuru mtu. Mabomba yetu ndiyo yanayowapa nafasi ya kuongezeka.

Chini ya nyuzi 20 wanaishi lakini hawazaani kwa kiasi cha kutisha. Kati ya nyuzi 20 na 45 wanaongezeka, na wanastawi zaidi kwenye joto linalokaribia la mwili wa binadamu. Kwenye nyuzi 50 wanaanza kufa, ila polepole, kwa saa nzima au mbili. Kwenye 60 wengi wao hufa ndani ya dakika chache, na kwenye 70 karibu papo hapo. Kwa hiyo ukisikia maji ya bombani ni ya uvuguvugu mzuri wa kuogea mtoto, basi hayo ndiyo maji wanayoyapenda.

Joto peke yake halitoshi. Ndani ya bomba hujengeka utando telezi, ule ute unaousikia ukipitisha kidole ndani ya mpira wa shawa uliotumika miaka mingi. Katika utando huo wanaishi amiba wanaokula bakteria. Lejionela akimezwa na amiba hafi. Huzaliana humo ndani hadi amiba apasuke, kisha hutoka kutafuta mwingine. Hili ndilo linalofanya usafi wa juujuu ushindwe. Klorini inayoua bakteria walio wazi majini inaweza isimfikie aliye ndani ya amiba, hasa amiba aliyejifungia kwenye ganda lake gumu.

Na hapo ndipo panapoelezea hatari kwa mtu. Mapafuni mwetu kuna seli walinzi ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu, na Lejionela huzitendea kama anavyowatendea amiba: huingia, huzaliana, huzipasua. Amoksilini na dawa za jamaa yake haziwezi kumpata vizuri akiwa ndani ya seli, ndiyo maana mgonjwa wetu hakupata nafuu mpaka alipobadilishiwa dawa na kupewa levofloksasini. Azithromaisini nayo inafanya kazi.

Ili afike mapafuni, lazima aingie na matone madogo sana, yenye upana wa maikromita 5 au pungufu, yanayoelea hewani na kuvutwa kwa pumzi. Shawa huyatengeneza kwa wingi, na kichwa cha shawa chenye matundu yaliyozibwa nusu na chokaa hurusha maji ovyo na kuongeza ukungu. Kwa kawaida kunywa maji hayo hakuleti nimonia hii, isipokuwa kwa mtu ambaye akinywa hupaliwa na maji yakaingia njia ya hewa, kama baadhi ya waliopooza.

## Kwa nini mume na si mke

Wahudumu wa hoteli walijitetea kwanza kwa hoja inayosikika kila mahali: kama maji yangekuwa mabaya, mke naye angeugua. Hoja hii haina nguvu. Katika milipuko mingi, wanaougua nimonia ni wachache sana miongoni mwa waliovuta maji hayo, kwa kawaida chini ya watu 5 katika kila 100. Anayebaki mzima hathibitishi usalama wa maji, anathibitisha tu kwamba kinga yake ilifanya kazi.

Mume alibeba mizigo mitatu. Umri wa zaidi ya miaka 50 ni mmoja. Sigara ni wa pili, kwa kuwa huharibu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa. Kisukari ni wa tatu. Wengine walio hatarini ni wenye magonjwa sugu ya mapafu, figo au moyo, wanaotibiwa saratani, waliopandikizwa kiungo, na wanaotumia kwa muda mrefu dawa za steroidi au nyingine zinazopunguza kinga. Kwa watu wa kundi hili la mwisho, ugonjwa unaweza kuwa mkali hata pale bakteria walipo wachache. Kwa ujumla, karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi hufariki. Watoto wenye afya ni nadra kuugua. Mgonjwa haambukizi wanaomuuguza, kwa hiyo familia haina sababu ya kumtenga.

Muda nao ulisaidia kuonyesha hoteli. Kwa kawaida dalili huanza siku 2 hadi 10 tangu kuvuta bakteria, na mara nyingine hufika 14. Wachunguzi waliorodhesha kila mahali alipokuwa mgonjwa katika siku 14 kabla ya homa: nyumbani, ofisini, hotelini. Hawakuruka hata nyumba yake mwenyewe, na ni vizuri, maana kuibandikia hoteli lawama kabla ya kupima kwingine ni uzembe.

## Kosa lililokaribia kufuta ushahidi

Taarifa ilipofika hotelini, jambo la kwanza lililomjia meneja lilikuwa kuwaagiza mafundi wamwage klorini kwenye matangi yote na kufungua mabomba ya upande wa mashariki yatiririke usiku kucha. Nia ilikuwa njema. Lakini kama ingefanyika, sampuli za asubuhi zingetoka safi, hitilafu ingebaki ukutani, na baada ya wiki kadhaa bakteria wangerudi kwa mgeni mwingine. Kanuni ni hii: funga vyumba mara moja, mtu asioge humo, usifungue bomba lolote, chukua sampuli na vipimo vya joto, ndipo usafishe. Kuchelewa kwa nusu siku hakuna hasara ikiwa hakuna anayeoga.

Mafundi pia walitaka kuanza na viyoyozi. Mnara wa kupozea maji juu ya paa, ule unaonyunyiza maji hewani, ni chanzo kinachojulikana na unaweza kuambukiza mtaa mzima. Hoteli hii haikuwa nao. Ilikuwa na viyoyozi vya kawaida vya ukutani, ambavyo havirushi ukungu wa maji ya uvuguvugu chumbani. Vilirukwa.

Sampuli zilichukuliwa kwa namna ambayo fundi yeyote makini anaweza kuielewa na kuidai. Katika kila chumba kilichochaguliwa zilichukuliwa mbili. Ya kwanza ni lita moja ya maji yanayotoka mara tu bomba linapofunguliwa, bila kuyaacha yapite. Haya ni maji yaliyokuwa yamelala kwenye kichwa cha shawa, kwenye mpira wake na kwenye bomba fupi la ukutani. Ya pili ilichukuliwa baada ya maji kutiririka dakika kadhaa mpaka joto lilipotulia. Haya ni maji yanayotoka kwenye mfumo wenyewe. Chupa ni safi zisizo na vijidudu, zenye chembe za thiosulfeti ya sodiamu ndani ili kuzima klorini, kwa sababu klorini ikiachwa itaendelea kuua bakteria njiani na maabara italeta jibu la uongo.

Tofauti ya sampuli hizo mbili ina thamani kuliko namba yoyote peke yake. Ya kwanza ikiwa chafu na ya pili safi, tatizo liko chumbani: kichwa, mpira, matumizi haba. Zote mbili zikiwa chafu, tatizo liko nyuma ya ukuta.

Chumba cha mgonjwa kilitoa koloni, yaani vikundi vya bakteria vilivyoota maabara, 14,000 kwa lita katika sampuli ya kwanza na 2,300 katika ya pili. Chumba cha ghorofa ya kwanza karibu na tangi kilitoa 300, kisha hakuna. Maji ya kitako cha tangi, yaliyochukuliwa kwenye koki ya kumwagia tope, yalitoa 600. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya maji ya kunywa ya mwaka 2020 inataka chini ya 1,000 kwa lita katika majengo yenye hatari, na wataalamu wengi huona 10,000 na zaidi kuwa hali ya kuchukua hatua papo hapo. Hakuna namba inayojulikana kuwa ndiyo inayoleta ugonjwa, kwa hiyo 300 si cheti cha usalama kwa mtu aliyepandikizwa figo.

Maabara huotesha bakteria kwa siku hadi 10. Katika muda huo vyumba vya mashariki vilibaki vimefungwa. Maabara hiyohiyo ililinganisha bakteria wa shawani na waliooteshwa kutoka kwenye makohozi ya mgonjwa, wakafanana. Kulinganisha huku kuliwezekana kwa sababu tu daktari alituma makohozi pamoja na mkojo. Kipimo cha mkojo hutambua hasa kundi moja la Lejionela, lile linalosababisha wagonjwa wengi, na hakitoi bakteria hai wa kulinganisha. Mkojo ukisema hapana, ugonjwa bado unaweza kuwepo.

## Kipimajoto na saa

Wakati maabara ikisubiriwa, fundi alizunguka na kipimajoto cha kidijitali na saa ya sekunde. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote katika kazi hii, na ni cha bei ndogo. Kwa maji moto, alama inayotakiwa ni nyuzi 50 au zaidi ndani ya dakika moja tangu kufungua bomba, kipimo kikichukuliwa kabla ya maji kuchanganywa na baridi. Kwa maji baridi, chini ya nyuzi 20 ndani ya dakika mbili. Tangi litoe maji kwa 60, na maji yanayorudi kwenye tangi baada ya kuzunguka jengo yawe na 50 au zaidi.

Juu ya tangi: 60. Kitako cha tangi: 41. Bomba la kurudi kutoka upande wa magharibi: 52. Kutoka mashariki: 34. Bomba la moto chumbani kwa mgonjwa: 39 baada ya dakika moja, na hata baada ya dakika nne halikupita 43. Bomba la baridi la chumba hicho: 27.

Namba hizi chache zinasimulia kisa chote, tukizisoma moja moja.

Thelathini na nne kwenye bomba la kurudi la mashariki maana yake maji yalikuwa hayazunguki huko, au yalizunguka kidogo mno. Katika jengo kubwa pampu huyasukuma maji moto kwenye njia kadhaa zinazorudi tangini, ili bomba la mbali libaki na moto hata kama hakuna anayeoga. Maji hufuata njia iliyo rahisi. Njia fupi isipobanwa kidogo kwa vali ya kusawazisha, hunyang'anya mtiririko wote na njia ndefu hukosa. Hapa fundi aliyewahi kubadilisha bomba la mashariki alifunga vali ya njia hiyo ili afanye kazi, kisha akaifungua robo tu. Hakuna aliyelalamika kwa sababu vyumba vilivyo karibu bado vilipata maji ya kuridhisha. Juu ya hilo, pampu ilikuwa imewekewa saa izime kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ili kuokoa umeme. Kwa muda wa saa saba kila usiku mabomba yalipoa taratibu kupitia kila daraja la joto ambalo bakteria wanalipenda. Umeme uliookolewa hivyo hautoshi kuhalalisha hatari yake. Pampu ya mzunguko haizimwi.

Arobaini na moja kwenye kitako cha tangi ni jambo la asili ya maji: ya moto hukaa juu, ya baridi huingia chini. Tope na kutu vikikaa hapo, bakteria hupata chakula na blanketi. Daftari lilisoma kipima kilicho juu ya tangi, na hakuna aliyewahi kupima chini. Dawa yake ni kumwaga tope kwa koki ya chini mara kwa mara, na kuweka pampu ndogo inayochukua maji ya juu na kuyapeleka chini kwa saa moja kila siku, wakati matumizi ni madogo, ili tangi lote lifike 60.

Ishirini na saba kwenye bomba la baridi lilitokana na mabomba mawili, la moto na la baridi, kupita pamoja ndani ya mfereji mmoja bila sponji ya kuhami. Klorini iliyobaki kwenye maji hayo ilikuwa sifuri, kwa kuwa maji yakilala klorini huisha. Mara nyingi watu huhangaika na maji moto na kusahau haya, wakati kichwa cha shawa kinapokea yote mawili.

Kisha likaja lile ambalo kipimajoto hakilioni. Upande wa mashariki ulikuwa umefungwa wiki sita kwa uhaba wa wageni. Siku moja kabla ya kufunguliwa, vyumba vilipigwa deki, mashuka yakatandikwa, vioo vikafutwa. Hakuna aliyefungua bomba. Mgeni wetu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kusimama chini ya shawa ile, na maji ya kwanza yaliyomwagika yalikuwa yamelala wiki sita.

## Usafishaji wa kwanza, na kwa nini haukutosha

Majibu yalipotoka, mafundi walitumia joto kwa maji moto na klorini kwa maji baridi.

Tangi lilipandishwa hadi nyuzi 70, pampu ikiwa imewashwa muda wote, na kila bomba la moto likafunguliwa kwa zamu, kuanzia la karibu hadi la mbali, hadi lilipotoa angalau nyuzi 60 kwa dakika 5 mfululizo. Dakika zilihesabiwa tangu joto lilipofika 60, si tangu bomba lilipofunguliwa. Wageni walihamishwa kwanza, maana maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima vibaya kwa takribani sekunde 5, na ya 70 hayampi hata nafasi ya kutoa mkono.

Kwenye tangi la maji baridi la lita 2,000, lengo lilikuwa miligramu 50 za klorini kwa lita kwa saa moja. Hesabu: 2,000 mara 50 ni gramu 100 za klorini. Haipokloraiti ya sodiamu yenye nguvu ya asilimia 5 ina takribani gramu 50 kwa lita, kwa hiyo lita 2 zilihitajika. Dawa hii hupungua nguvu ikikaa stoo, hivyo hesabu ya karatasini haitoshi: kila bomba lilifunguliwa mpaka harufu na kipimo vikathibitisha klorini imefika, likafungwa, na baada ya saa moja likapimwa tena. Kipimo kikishuka chini ya miligramu 30, kazi inarudiwa. Mwishoni maji yote yalimwagwa na mfumo ukasuuzwa hadi klorini irudi kiwango cha kawaida cha maji ya kunywa.

Sampuli mpya zilichukuliwa baada ya wiki moja. Ukipima siku hiyohiyo unapima klorini yako mwenyewe. Sampuli za pili, zile za mfumo, zilikuwa safi. Za kwanza bado zilitoa 4,000 katika vyumba vitatu.

Sababu ilikuwa vali ya kuchanganya. Kila shawa ilikuwa na vali inayochanganya moto na baridi na kutoa maji ya nyuzi 41, ili mgeni asiungue. Vali hiyo haijali kwamba leo ni siku ya kusafisha. Maji ya 70 yalifika kwenye vali yakapozwa hadi 41, na kichwa cha shawa pamoja na mpira wake wa mita moja na nusu vikaogeshwa kwa joto linalowafaa bakteria. Kila mwenye jengo lenye vali hizi anapaswa kujua jambo hili: usafishaji kwa joto huishia kwenye vali. Kinachofuata baada yake husafishwa kwa mkono au hubadilishwa. Hoteli ilitupa mipira yote ya mashariki, ikaweka mipya, ikafungua vali na kusafisha vichujio vyake. Vichwa vya shawa vilifunguliwa, vikalowekwa kwenye dawa ya kuondoa chokaa, vikasuguliwa kwa brashi ndogo hadi matundu yakaonekana, vikasuuzwa sana, kisha vikalowekwa kwenye maji ya klorini. Kusuuza katikati si hiari. Tindikali ya kuondoa chokaa, hata siki, ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu.

Mwezi mmoja baadaye vyumba viwili vilikuwa safi, kimoja kikarudi 1,800, safari hii katika sampuli zote mbili. Fundi alipofuata bomba nyuma ya vigae alikuta kipande cha mita 4 cha bomba la shaba la milimita 15, kilichowahi kulisha beseni la kuogea lililoondolewa. Kilikuwa kimezibwa mwishoni na kusahauliwa. Ndani yake mna zaidi kidogo ya nusu lita ya maji yasiyoenda popote, yasiyofikiwa na moto wala klorini, yanayovujisha bakteria kwenye bomba kuu kila mtu anapooga. Kilikatwa pale pale kwenye kiungo cha bomba kuu. Kuziba mwisho ni kuacha shimo lilelile na kulifunika.

## Kilichobadilika katika kazi za kila siku

Vali ya mashariki ilifunguliwa na mtiririko ukasawazishwa hadi bomba la kurudi likafikia 51. Saa ya pampu ikaondolewa. Mabomba ya baridi yakavikwa sponji ya kuhami. Hayo yalikuwa ya mara moja.

La kudumu lilikuwa la wahudumu wa usafi, na kwa maoni yetu ndilo lenye thamani kubwa. Chumba kisichokaliwa hufunguliwa mabomba yake yote angalau mara moja kwa wiki, moto na baridi, kwa dakika kadhaa hadi joto litulie, choo kikiwemo kikiwa kimefunikwa. Shawa haifunguliwi na kuachwa irushe ukungu usoni mwa mhudumu: kichwa hufunguliwa na mpira kulazwa kwenye tundu la maji, au, kama kichwa kimeshikamana na ukuta, huvalishwa mfuko wa plastiki uliofungwa shingoni na kukatwa kona moja ya chini, ili maji yatoke kwa utulivu. Mhudumu hufungua na kutoka bafuni. Vichwa na mipira husafishwa kila miezi mitatu, mapema zaidi chokaa ikionekana. Kila mwezi fundi hupima bomba la karibu zaidi na la mbali zaidi la kila njia, na daftari sasa lina safu za joto la kitako cha tangi na la mabomba ya kurudi.

Hoteli iliyo mahali ambapo maji ya ardhini yenyewe hutoka na nyuzi 26 au 28 haiwezi kufikia alama ya 20 kwa maji baridi, na haifai kujidanganya kwamba itafikia. Hapo mzigo unahamia kwenye klorini inayobaki hadi bomba la mwisho, kwa kawaida miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na kwenye kuhakikisha maji hayalali. Tangi la juu ya paa liwe kivulini, lenye mfuniko unaobana, na lisiwe kubwa kuliko matumizi ya siku moja au mbili.

## Nyumbani

Nyumba ya kawaida ina mabomba mafupi na watu wanaooga kila siku, kwa hiyo hatari ni ndogo. Inaongezeka katika hali chache. Hita ya tangi iliyoteremshwa hadi nyuzi 45 ili kuokoa umeme ni mojawapo. Iwekwe 60, na kama kuna watoto au wazee iwekwe vali ya kuchanganya karibu na bomba la kuogea. Hita ya jua ni nyingine, kwa sababu siku za mawingu tangi lake linaweza kukaa nyuzi 35 kwa siku kadhaa. Inahitaji kipasha joto cha umeme au gesi kinachofikisha 60. Hita ya papo kwa papo isiyo na tangi haihifadhi maji moto, lakini kichwa chake cha shawa hubaki na maji ya uvuguvugu kama vingine, nacho husafishwa vivyo hivyo.

Ukirudi kutoka safari ya wiki moja au zaidi, fungua dirisha la bafu, lekeza shawa bila kurusha ukungu, endesha maji ya moto kisha ya baridi kwa dakika kadhaa, ndipo uoge. Kama nyumbani kuna mtu anayetumia mashine ya kumsaidia kupumua usingizini au kifaa cha kuvuta dawa kwa mvuke, maji ya bomba yasitiwe humo hata kidogo, wala yasitumike kukisuuza mara ya mwisho. Mashine hizo hupeleka maji moja kwa moja mapafuni mwa mtu ambaye huenda tayari ana mapafu dhaifu. Tumia maji safi ya dukani yaliyoandikwa kuwa hayana vijidudu, au yaliyochemshwa kwa dakika moja na kupozwa kwenye chombo kilichofunikwa, na yabadilishwe kila siku.

Na mtu wa aina ya mgeni wetu, mwenye zaidi ya miaka 50, sigara, kisukari au dawa za kupunguza kinga, akipata homa na kikohozi ndani ya wiki mbili tangu alale hotelini, amtajie daktari hoteli hiyo na tarehe bila kungoja kuulizwa. Amwombe atume mkojo na makohozi pia.